Wafuasi 1,300, bei za soko zinaonekana na watu 50: X inaamuaje nani aone posti yangu?

Bei_za_Wakulima (Nakuru)

Wadau, habari za jioni. Naomba mwenye kuuelewa mtandao wa X anifafanulie kitu.

Nina akaunti ndogo ya kutoa bei za Soko la Wakulima hapa Nakuru. Alfajiri lori zikianza kushusha, nazunguka na kuandika: viazi, kitunguu, nyanya, karoti, kabichi, hoho. Wanaonifuata ni kama 1,300. Wengi ni wanunuzi wa Kisumu, Kericho na Kakamega, halafu kuna niliosoma nao, na wengine tulifuatana tu kwenye zile nyuzi za "nifuate nikufuate" nilipokuwa naanza.

Sasa tazameni maajabu. Posti ya bei ya viazi inaonyesha Views 50, ikijitahidi sana 60. Wiki iliyopita nilipiga picha ya lori iliyozama kwenye tope nje ya soko, nikaandika mstari mmoja wa utani, ikapita 4,000. Yaani bei ambayo mtu anaihitaji kabla hajapiga simu kwa dereva haimfikii, lakini tope linamfikia hadi mtu wa Mombasa asiyejua hata Wakulima iko wapi.

Je, nimefungiwa kimyakimya? Au huu mtandao unaamuaje nani aone posti ya nani?

---

OmeraWaKibuye (Kisumu)

Dada, mimi ni mmoja wa hao wanunuzi wako na nakufuata kabisa. Nauza viazi na karoti hapa Kibuye. Ukweli ni kwamba bei zako nazikuta saa nne, nimeshanunua kwa dalali. Asubuhi nikifungua simu naona mpira, siasa, na watu wanaotukanana kuhusu mpira na siasa. Nilidhani uliacha kuandika.

---

Kinara254 (Eldoret)

Hujafungiwa. Hii ni hesabu rahisi na imewekwa wazi. X walitoa hadharani msimbo wa programu yao ya kupanga posti mwaka 2023. Laiki moja ni pointi 0.5, komenti moja ni 13.5. Maana yake komenti moja ni sawa na laiki 27! Na wewe ukiijibu hiyo komenti, unapata 75. Sasa fanya hivi: tafuta watu kumi, muunde kikundi cha WhatsApp, kila ukiposti waje wakomenti hata kama ni "safi sana", wewe uwajibu wote. Halafu posti mara nyingi, angalau mara kumi kwa siku, weka hashtegi zinazotrendi. Ndani ya mwezi utaona.

---

MamaVitenge_Ksm (Kisumu)

Haya mambo yamenitesa sana. Mimi nililipia tangazo la posti yangu ya vitenge, shilingi 1,500, wakaniambia imefikia watu elfu kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kununua. Watu wa mbali kabisa, wengine hata Kiswahili hawajui. Je, pesa zinaweza kurudishwa?

---

Kinara254

Mama, hapa tunaongelea X, na tena posti za bure. Hayo ya tangazo la kulipia ni mada nyingine.

---

MamaVitenge_Ksm

Mitandao yote si ni mmoja tu. Lakini sawa, endeleeni, nasoma.

---

fundi_nyando (Ahero)

Nimefanya kazi ya mifumo ya kupanga matokeo kwa miaka, si kwa X, lakini msimbo ule niliusoma mwenyewe. Kinara namba zake ni za kweli, ila matumizi yake ndiyo yanayopotosha watu wengi, kwa hiyo wacha nianzie hapo.

Msimbo wa Twitter, kama ulivyoitwa bado wakati huo, uliwekwa hadharani mwisho wa Machi 2023. Siku chache baadaye, Aprili, yakaongezwa maelezo ya uzito wa kila tendo. Haya ndiyo yanayohusu mjadala huu, nimekata mwanzo wa majina kwa sababu ni marefu:

```
reply_engaged_by_author: 75.0
reply: 13.5
good_profile_click: 12.0
retweet: 1.0
fav: 0.5
negative_feedback_v2: -74.0
report: -369.0
```

Kinara anazisoma kama pointi ambazo posti inakusanya: komenti ikija, unaongezewa 13.5. Sivyo. Kila namba hapo inazidishwa na makadirio ya uwezekano. Mtu mmoja, tuseme Omera, akifungua simu yake, mfumo unajiuliza: huyu akionyeshwa posti hii, kuna uwezekano gani ataipenda? Ataijibu? Ataijibu kisha mwandishi naye amrudie? Ataiambia "sitaki kuona hii"? Kila jibu linazidishwa na uzito wake, vyote vinajumlishwa, na hiyo ndiyo alama ya posti yako kwa Omera peke yake, kwa dakika hiyo. Kwa jirani yake wa Kibuye alama ni nyingine. Posti haina alama moja inayotembea nayo.

Ndiyo maana hata swali la "X inaonyesha posti yangu kwa watu wangapi" linachanganya kidogo. Hakuna mahali palipoandikwa posti hii iende kwa watu 50. Ni kwamba katika simu 1,300 ilishindana mara nyingi kadiri zilivyofunguliwa, na ikashinda mara 50.

Na kuhusu 27: maelezo yale yale yanasema uzito uliwekwa hivyo mwanzoni ili, kwa wastani, kila aina ya tendo ichangie karibu sawa kwenye alama. Komenti ina uzito mkubwa kwa sababu ni adimu. Mtu hupenda posti nyingi kabla hajajibu moja. Ukizidisha kitu adimu kwa 13.5 na kitu cha kawaida kwa 0.5, vinakaribiana. Baada ya hapo walikuwa wanazirekebisha mara kwa mara kulingana na malengo yao, kwa hiyo usawa huo si kamili, lakini hiyo "komenti moja ni laiki 27" haimo popote.

---

Kinara254

Sawa mkuu, lakini mwisho wa siku si komenti nyingi zinasaidia? Mimi nimeona kwa macho yangu posti ikikomentiwa sana inapanda.

---

fundi_nyando

Zinasaidia, hapo uko sawa. Idadi ya majibu ni mojawapo ya vitu ambavyo mfumo unavitazama ukikadiria. Ila kinachohesabika zaidi ni nani anajibu na ana historia gani na wewe.

Nipige mfano kwa namba za kubuni, mnisamehe, makadirio halisi hayaonekani na mtu wa nje. Uzito ni ule wa 2023.

Mtu wa kwanza ni mama wa Kericho ambaye kila wiki humuuliza dada yetu jambo na hujibiwa. Tuseme uwezekano wa kulaiki ni 0.04, mara 0.5 inatoa 0.02. Kujibu 0.01, mara 13.5 ni 0.135. Kufungua wasifu na kufanya kitu huko 0.005, mara 12 ni 0.06. Kujibu kisha mwandishi akamrudia 0.006, mara 75 ni 0.45. Kukataa posti ni 0.0002 tu, mara -74 ni kama -0.015. Jumla inafika 0.65.

Mtu wa pili mlisoma naye, anakufuata lakini viazi havimhusu. Kulaiki 0.01 inatoa 0.005. Kujibu 0.0005 inatoa 0.007. Wasifu 0.001 inatoa 0.012. Kujibu na kurudiwa 0.0002 inatoa 0.015. Kukataa 0.001, mara -74, inatoa -0.074. Jumla ni -0.035. Iko chini ya sifuri, yaani kwake hata video ya paka ya mtu asiyemjua inakupita.

Wote wawili wamo kwenye ile 1,300 yako. Tazama pia ni kitu gani kilichombeba mama wa Kericho: laiki yake imechangia 0.02 tu. Kilichofanya kazi ni yale mazungumzo ya kwenda na kurudi, 0.45 kati ya 0.65.

Dada Bei, nimeingia kwenye akaunti yako nikaona vitu viwili, lakini kabla sijasema nikuulize: mtu akiuliza chini ya posti "karoti za saizi ya kati ni ngapi?", wewe humjibu wapi?

---

Bei_za_Wakulima

Inboksi. Nina sababu. Nikijibu hadharani, madalali wanakuja kusema ni uongo, hakuna bei kama hiyo, nimelipwa na mtu fulani. Kuna mmoja alikuwa ananitag kila siku. Inboksi naongea na mnunuzi kwa amani.

---

OmeraWaKibuye

Hata mimi alinijibu inboksi. Na tangu siku hiyo naulizia hukohuko moja kwa moja, sipiti kwenye posti.

---

fundi_nyando

Basi hicho ndicho cha kwanza. Ule uhusiano ambao ungemfanya Omera akuone kila alfajiri unajengwa mahali ambapo kipengele kile cha 75 hakihesabu, kwa sababu kinahusu jibu lililo chini ya posti na mwandishi akalishughulikia. Kwa macho ya mfumo, Omera ni mtu aliyewahi kuuliza jambo moja, hakujibiwa, na hakurudi tena.

Suala la madalali silipuuzi. Mtu akibonyeza "Not interested in this post" au akikublock, hiyo inaingia upande wa hasi, na ripoti ni -369, kubwa kuliko kitu kingine chochote pale. Hata uwezekano mdogo wa 0.0001 unakata karibu 0.037. Ila kumbuka inakadiriwa kwa kila mtazamaji. Dalali anayekuchukia kwanza anajiondoa mwenyewe kwenye orodha ya watakaokuona. Inakuwa shida pale wakiwa wengi na wanafanana na wanunuzi wako kwa tabia, kwa sababu hapo mfumo unaweza kudhani na wanunuzi hawakupendi. Ni wangapi, wewe unajua kuliko mimi.

Cha pili ni zile posti sita. Unaandika viazi posti moja, kitunguu posti moja, hadi hoho, ndani ya dakika chache. Baada ya alama kutoka kuna hatua ya kuzuia mwandishi mmoja asijaze skrini ya mtu. Katika msimbo ule, posti yako yenye alama kubwa kuliko zote kwa mtu huyo inabaki kama ilivyo, ya pili inakatwa, ya tatu inakatwa zaidi, hadi ikaribie robo ya alama yake. Kwa namba zilizokuwemo, ya pili inazidishwa kwa 0.625 na ya tatu kwa kama 0.44. Kwa mama wa Kericho, ile 0.65 inakuwa 0.41 kwa posti ya pili na 0.28 kwa ya tatu. Ya sita, ambayo ni hoho, haina pa kutokea.

Kwa hiyo ushauri wa kuposti mara kumi kwa siku, kwa akaunti ndogo ambayo watu wake hufungua simu mara moja asubuhi, unazigombanisha posti zako zenyewe. Hata ukizitawanya kwa saa, mtu akifungua mara moja zinakutana hapo hapo.

---

Kinara254

Hapo kwa posti kumi nakubali kwa mtu wa bei. Kwa mchekeshaji ambaye watu wake wako mtandaoni kutwa nzima, bado nasimama na yangu.

---

fundi_nyando

Kwa mchekeshaji sibishani. Kila mara mtu akifungua upya ni shindano jipya.

---

Mwalimu_Shinyalu (Kakamega)

Nina swali la pembeni. Haya yote yanaeleza wanaomfuata. Je, lile lori la tope lililofika Mombasa? Huko hakuna anayemfuata, wala hawana historia naye.

---

fundi_nyando

Swali zuri, na ndilo linaloonyesha madhara ya "nifuate nikufuate".

Ukifungua ukurasa wa For you, kwa maelezo ya kampuni ya 2023, mfumo kwanza unachota takriban posti 1,500 kutoka kwenye mamia ya mamilioni. Kwa wastani nusu ni za unaowafuata, nusu ni za usiowafuata. Zile za kwanza zinatafutwa kwa kutazama unahusiana vipi na kila unayemfuata. Za pili zinapatikana kwa njia kadhaa, na kubwa mojawapo inaitwa SimClusters. Hiyo imegawanya mtandao katika jamii kama 145,000 kwa kuangalia ni akina nani wanafuatwa na watu walewale. Kuna jamii za wapenzi wa klabu fulani, za wanasiasa wa nchi fulani, za wakulima, na kadhalika. Hakuna aliyezipa majina, zinajitokeza zenyewe kwenye ufuasi.

Sasa posti yako ikizaliwa haiko kwenye jamii yoyote. Haisomwi maneno na kuambiwa "hii ni ya viazi", angalau si katika njia hii. Inapata jamii kutokana na watu wanaoilaiki. Mtu wa kwanza akibonyeza laiki, mambo anayoyapenda yeye yanaongezwa kwenye posti. Wa pili vivyo hivyo. Baada ya laiki kadhaa posti ina sura, na sura hiyo ndiyo inayotumika kuitafutia watu wasiokufuata.

Lori la tope lililaikiwa na watu wa Nakuru wanaoongea mambo ya barabara na vichekesho, jamii kubwa na yenye makelele, likabebwa. Posti yako ya viazi inalaikiwa na nani? Nimetazama tatu za juzi. Kati ya laiki chache zilizokuwepo, nyingi ni za akaunti za kufuatana, na wasifu wao umejaa mpira na "fuata wote waliolaiki hii". Kwa hiyo bei ya viazi Shangi vya Molo inapelekwa kujaribiwa kwa mashabiki wa mpira. Wanaipita. Mfumo unajifunza kwamba watu wanaoonyeshwa posti zako huzipita.

Kikundi cha WhatsApp cha watu kumi wa kukomenti "safi sana" kingeleta matatizo yaleyale, isipokuwa hao kumi wawe wauza viazi.

---

MamaVitenge_Ksm

Ngoja kwanza. Kwa hiyo binamu zangu wanaolaiki kila kitenge ninachoposti wananiharibia?

---

fundi_nyando

Mama, wewe uko mtandao mwingine na siwezi kukuapia kwamba hesabu ni ileile. Ila kama binamu hao hawanunui vitenge wala hawafuati wanaouza nguo, kwa X ningesema hawakusaidii kufika kwa mnunuzi. Kukuharibia ni neno kali. Usiwakataze, mtagombana bure.

---

Mwalimu_Shinyalu

Sasa naomba nimwage maji baridi kidogo. Namba hizo ni za Aprili 2023. Kampuni imebadilisha jina, imebadilisha wafanyakazi, na mmiliki anatangaza mabadiliko karibu kila mwezi. Tunajuaje kwamba 75 bado ni 75? Isitoshe, msimbo ulitolewa bila data na bila modeli zilizofunzwa. Mtu hawezi kuuendesha nyumbani akaona posti yake inapata ngapi. Naona tunajenga imani juu ya karatasi ya zamani.

---

fundi_nyando

Mwalimu, namba yenyewe nisingeiwekea dau la kuku. Ninachokishikilia ni umbo: kuchota, kukadiria kwa kila mtazamaji, kupanga, kisha kuchuja na kusambaza waandishi. Umbo hilo liko karibu kwenye kila mtandao mkubwa. Hata Facebook wamekuwa wakieleza wao wenyewe mpangilio wa namna hiyo: posti zilizopo, ishara, makadirio, alama. Mwaka 2018 walipotangaza kwamba wanayapa uzito zaidi mazungumzo ya ndugu na marafiki, kurasa za biashara zilishuka bila mtu kuzifungia. Uzito ulihama tu.

Ndiyo maana nilimwambia dada kuhusu inboksi na posti sita, na sikumwambia ahesabu 75 zake.

---

Bei_za_Wakulima

Asante fundi, nimeelewa mengi. Lakini bado nina wasiwasi na kufungiwa. Nitajuaje kwamba ni hesabu tu na si adhabu? Na hii alama ya buluu ya kulipia, ingenisaidia?

---

fundi_nyando

Kwa kufungiwa, jaribio rahisi. Omba mtu asiyekufuata, kwa simu yake, atafute hivi na afungue sehemu ya Latest, akiweka jina la akaunti yako pale mwisho:

```
from:jina_lako
```

Posti za leo zikitokea, hujaondolewa kwenye utafutaji. Halafu angalia kama kuna posti yoyote yako iliyowekewa maandishi ya "Visibility limited". Walianza kuweka lebo hizo 2023 kwa posti zinazodaiwa kuvunja kanuni za chuki, na bei ya kabichi sioni ikifika huko. Ishara nyingine unayo tayari: lori la tope lilipita 4,000. Akaunti iliyofungiwa kwa ujumla haipati siku kama hiyo.

Alama ya buluu: msimbo wa 2023 ulikuwa na kizidishio kwa waliolipia, mara 4 kwa wanaokufuata na mara 2 kwa wasiokufuata. Ukichukua yule uliyesoma naye, uwezekano wake wa kukujibu haubadiliki, kinachozidishwa ni alama tu.

---

Kinara254

Hapa sasa sikubaliani hata kidogo. Mimi nililipia na majibu yangu kwenye posti za watu wakubwa yakaanza kuonekana juu. Hapo ndipo wafuasi walipoanza kuja. Huwezi kumwambia mtu haina faida.

---

fundi_nyando

Sijasema haina faida. Majibu ya waliolipia kupandishwa juu ni jambo ambalo kampuni yenyewe inalitangaza kama sehemu ya huduma. Kama dada ana nafasi ya kujibu chini ya akaunti kubwa za kilimo, itamsaidia kuonekana. Kama ataendelea na posti sita na inboksi, sioni atapata nini.

---

OmeraWaKibuye

Nyinyi mnaongea mambo makubwa. Mimi swali langu ni moja, nataka bei saa kumi na moja na nusu asubuhi kabla sijaongea na dereva. Nifanye nini mimi kama mnunuzi?

---

fundi_nyando

Omera, kwako ni rahisi kuliko kwake. Ingia kwenye wasifu wake, bonyeza kengele, uchague kupata taarifa ya kila posti. Kengele haipiti kwenye For you kabisa, inakuja kama taarifa. Njia ya pili ni kuunda List ya watu wako wa soko tu, uifungue hiyo asubuhi badala ya For you, na uhakikishe umeipanga kwa wakati.

Na hapa niseme wazi: bei ya alfajiri ni mzigo mbaya sana kwa ukurasa wa kukadiria. Inafaa kwa muda wa saa tatu au nne tu, kisha imeoza. Mfumo unahitaji muda kuona watu wanaifanyia nini ndipo uisambaze, na ukishaona, lori zimeondoka. Ndiyo maana wewe uliikuta saa nne. Hata dada akifanya kila kitu sawasawa, hilo litabaki.

---

Mwalimu_Shinyalu

Ndiyo maana nauliza, kwa nini asihamie chaneli ya WhatsApp tu? Anatuma, wanapata.

---

Bei_za_Wakulima

Ninayo, Mwalimu, ina watu 90. Wote walitoka X. Mnunuzi mgeni hawezi kunipata WhatsApp kama hajaniona mahali kwanza. Kwa hiyo nikiacha X, hao 90 watakuwa ndio hao hao hadi mwisho.

Nimeandika mfano wa kesho, bei hizi ni za kujazia tu, mniambie:

"Wakulima Nakuru, alfajiri hii. Viazi Shangi gunia la kilo 50, si lumbesa: 2,300. Kitunguu kilo 85. Nyanya kreti kubwa 5,200. Karoti gunia 2,800. Kabichi kubwa 35. Hoho kilo 70. Unapeleka wapi leo na unataka saizi gani? Uliza hapa chini, najibu hapahapa."

---

fundi_nyando

Iko vizuri. Lile la "unapeleka wapi" lina faida kwa sababu mnunuzi ana jibu lake tayari, na msomaji wa mpira hana. Acha hashtegi zinazotrendi, zinakuletea macho ya watu walewale tusiowataka. Kama una kiungo cha chaneli, kiweke kwenye jibu la kwanza chini ya posti. Mmiliki wa X mwenyewe mwishoni mwa 2024 alishauri hivyo, baada ya watu kulalamika kwamba posti zenye viungo hazifiki mbali.

Na hao wa kufuatana, labda unawaza kuwaondoa. Usianze na hilo. Kuwaondoa mmoja mmoja ni kazi ya kuchosha, na asiyekugusa hatoi laiki ya kukupotosha. Wanaokusumbua ni wale wanaolaiki kila kitu.

---

Kinara254

Aondoe wote. Wafuasi wafu wanashusha asilimia.

---

fundi_nyando

Asilimia ipi? Katika vipengele nilivyovisoma sikuona kitu kinachogawanya laiki kwa idadi ya wafuasi wote na kukuadhibu. Ukikionyesha nitakubali.

---

Kinara254

Nitatafuta nikirudi.

---

Mwalimu_Shinyalu

Na atapimaje kama mabadiliko yamefanya kazi? Siku ya soko kubwa si sawa na Jumapili.

---

fundi_nyando

Alinganishe Jumanne na Jumanne, Alhamisi na Alhamisi. Asijumlishe Views za posti sita za zamani na kuziweka dhidi ya posti moja mpya, kwa sababu mtu mmoja aliyeona zote sita alihesabiwa sita. Achukue ile posti moja ya zamani iliyoonekana zaidi kwa siku, ailinganishe na posti moja mpya. Juu ya hiyo, ahesabu kwa mkono ni wanunuzi wangapi wameuliza chini ya posti kabla ya saa moja asubuhi. Hiyo ya pili ndiyo ningeitazama zaidi, maana Views zinaweza kupanda kwa sababu ya tope.

---

Bei_za_Wakulima

Sawa. Naanza Jumanne, nitaleta namba hapa baada ya wiki tatu. Omera, umeshabonyeza kengele?

---

OmeraWaKibuye

Nimebonyeza. Na karoti za saizi ya kati ni ngapi?